Mgeni kaja toka nyumbani, mpe wifi kwa QR, halafu msafishie simu yake

Mgeni akitoka nyumbani akifika huku Ujerumani kitu cha kwanza ni wifi, maana laini yake ya Bongo ikiwa roaming inakula salio balaa na watu kule wanasubiri kuambiwa nimefika salama. Sasa rauta nyingi za huku zina paswedi ndefu imeandikwa kwenye stika ya chini, nyingine ni tarakimu 20, hebu msomee hizo mtu aliyeshuka ndege usiku uone mtakavyokosea.

Mamdogo wangu alipokuja sikumsomea kitu. Kwenye simu yangu ya Android niliingia Settings, Network & internet, Internet, nikagusa kigiya kilicho pembeni ya jina la wifi, nikabonyeza Share, simu ikataka alama ya kidole kwanza ndo ikatoa QR. Yeye akafungua kamera akaielekeza pale, jina la mtandao likatokea, akaligusa, basi. Kama kamera ya simu yake haisomi QR, aingie kwenye orodha ya wifi ashuke mpaka pale pa kuongeza mtandao, pembeni pana kialama cha QR, hicho kinafanya kazi ileile. Wenye aifoni, kuanzia iOS 18 QR ya wifi inapatikana ndani ya app ya Passwords.

Ila jamani mjue ile QR haifichi chochote. Ndani yake ni maandishi ya kawaida kabisa, hivi:

```
WIFI:T:WPA;S:Wageni;P:kahawa-tangawizi-2417;;
```

T ni aina ya ulinzi, S ni jina la mtandao, P ndo paswedi yenyewe, yaani mtu akipiga picha QR uliyobandika kwenye friji ameshaondoka na paswedi yako, na simu nyingi za Android zinaiandika paswedi hapohapo chini ya QR kila mtu aione. Ndo maana mimi QR ninayotoa ni ya mtandao wa wageni tu, rauta nyingi zinao, unauwasha ndani ya mipangilio ya rauta na kuupa jina lake na paswedi yake. Mgeni anapata intaneti lakini kwa kawaida hafikii printa wala kompyuta zako, na hata kurusha video kwenye TV huenda ikagoma, hapo simu haijaharibika, mtandao wa wageni ndo umetengenezwa hivyo. Na usitengeneze QR kwenye tovuti usiyoijua, kwa nini ukamwandikie mtu baki paswedi yako wakati simu inaitoa yenyewe?

Siku ya pili mamdogo akaanza kulalamika, "mwanangu, jikoni naongea vizuri, nikienda chumbani simu inakatika." Chumba cha wageni kiko upande wa barabarani, mbali na rauta, na chini yetu kuna mgahawa ambao mchana tulikunywa chai na akaunga wifi yao ya bure isiyo na paswedi. Kumbe wifi yetu ikififia simu inahamia ile ya mgahawa kwa sababu imeihifadhi, na ile inataka kwanza ufungue ukurasa ukubali masharti, kwa hiyo juu unaona alama ya wifi ipo lakini WhatsApp haiendi. Dalili ni hiyo, angalia jina la mtandao uliounganishwa, usiangalie alama peke yake.

Simu yake iko kwa Kiswahili, tukaingia kwenye mitandao iliyohifadhiwa, tukagusa jina la mgahawa, tukabonyeza Sahau. Hapohapo tukaona na ya hoteli, na ya uwanja wa ndege, zote zile za wazi, nazo tukazifuta. Hizi za wazi ndo zinaniogopesha zaidi, maana simu inautambua mtandao kwa jina na aina ya ulinzi tu, mtu yeyote akiwasha wifi yenye jina lilelile bila paswedi simu yako inaweza kujiunga yenyewe ukiwa umeiweka mfukoni. Ya nyumbani yenye paswedi ni ngumu kuigiza hivyo, mpaka huyo mtu awe anaijua paswedi.

Kwa aifoni, kuanzia iOS 16 nenda Settings, Wi-Fi, kisha Edit kule juu, utaona yote uliyowahi kuunga, hata ya mji mwingine. Ukifuta hapo na unatumia iCloud Keychain, ile inayolinganisha paswedi kwenye vifaa vyako vyote vya Apple, inafutika na kwenye aipadi yako, kwa hiyo kama mtandao bado unauhitaji zima tu Auto-Join, yaani simu isijiunge nao yenyewe.

Mamdogo alivyorudi Tanga nikabadilisha paswedi ya wageni, QR ya zamani ikafa hapohapo, nikachapisha nyingine. Huo mtandao kwenye simu yake ukibaki hauna shida, ila akija tena na jina ni lilelile simu itang'ang'ania paswedi ya zamani na kukataa kuunga, hapo abonyeze Sahau kwanza ndo askani upya.