Ratiba yangu ya kusoma sasa inajisogeza yenyewe

Zamani niliandika saa za kila kipindi kwa mkono. Umeme ukikatika dakika 40, ilibidi nifute na kuandika upya ratiba nzima ya usiku, hivyo nikawa naiacha tu.

Nilichobadilisha ni kimoja: kwenye Google Sheets naandika saa ya kuanza mara moja tu, kwenye A2 (19:00, maana kompyuta haijui saa moja usiku yetu). Safu B ni dakika, safu C ni somo. Kwenye A3 nikaweka hii, kisha nikaiburuta hadi chini:

```
=A2+B2/1440
```

1440 ni dakika za siku nzima. Mwanzoni ilinitolea desimali za ajabu, nikachagua Format > Number > Time zikawa saa.

Somo la hesabu dakika 50, mapumziko 10, kemia inaanza 20:00. Juzi umeme ulirudi 19:40. Nikabadilisha A2 pekee, kemia ikahamia 20:40.

Ila usiburute mstari mzima kubadilishana masomo, fomula zitavurugika. Andika upya B na C tu.