Chupa tatu, maini na daftari la hesabu

Mimba ilikuwa na wiki nane kifurushi kutoka kwa dada yangu aliyeko Marekani kilipofika. Ndani kulikuwa na multivitamini ya wajawazito, vidonge vya nywele na kucha, mafuta ya ini la samaki, kopo la vidonge vya mwani na mfuko wa njugu za Brazili. Nilipompigia kumshukuru alisema, "Kunywa vyote mdogo wangu, ni vitamini tu, zikizidi zinatoka kwenye mkojo."

Kwa vitamini C anasema kweli. Kwa vitamini A amekosea kabisa, kwa sababu hiyo huyeyuka kwenye mafuta na mwili huiweka akiba ndani ya ini. Sikulijua hilo, nikanywa vyote kwa siku kumi.

Upande wa pili alikuwa mama mkwe. Kipimo cha damu kilikuwa kimeshuka kidogo, basi kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa aliniletea maini ya ng'ombe ya kukaanga na vitunguu. Maini yana madini ya chuma kwelikweli, kwa hiyo hakuna aliyeona tatizo.

Mhudhurio wangu wa kwanza kliniki ulikuwa na wiki tisa na siku kadhaa. Nesi alipokuwa ananihesabia FeFo, vile vidonge vya chuma na foliki, aliuliza kama kuna kitu kingine ninachotumia. Nikaanza kutaja. Nilipofika kwenye mafuta ya ini la samaki akaacha kuhesabu. "Dada, kesho rudi na chupa zote, usiniletee majina."

Usiku ule nilikaa na daftari. Kazi yangu ni uhasibu, nikaona nianze mwenyewe. Kilichonisumbua kwanza ni vipimo, maana multivitamini iliandika vitamini A kwa mcg, yaani maikrogramu, na mafuta yaliandika IU. Kwa vitamini A ya aina ya retinoli, unachukua IU unazidisha kwa 0.3. Kijiko cha chai cha mafuta yangu kilikuwa 4,500 IU, sawa na maikrogramu 1,350. Multivitamini ilikuwa na 800, vidonge vya nywele 750. Jumla 2,900 kwa siku. Mjamzito anahitaji kama 770, na kikomo cha retinoli kwa mtu mzima ni 3,000. Nilikuwa nimekaribia ukingo kabla sijala chochote.

Kisha maini. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyoiva zina takriban maikrogramu 8,000, na sahani ya mama mkwe haikupungua hapo. Mara tatu kwa wiki ni 24,000. Vidonge na mafuta kwa wiki ni 20,300. Nikijumlisha na kugawa kwa saba napata zaidi ya 6,300 kwa siku, mara mbili ya kikomo na ushee. Nilirudia hesabu mara tatu nikitafuta kosa.

Kesho yake daktari aliitazama ile karatasi, akaniambia mambo mawili. La kwanza, kikomo si ukuta ambao ukiuvuka tu mtoto anaharibika. Kimewekwa na nafasi ya usalama, na mimi nilikuwa nimezidisha kwa siku kumi. La pili hakulipamba: retinoli nyingi mno ni hatari zaidi katika wiki za mwanzo, wakati moyo, uso, masikio na ubongo wa mtoto vinaumbwa. Ndiyo sababu dawa kali za chunusi zinazotokana na vitamini A zimekatazwa kabisa kwa mjamzito. Hakuna dawa ya kuisafisha mwilini. Unaacha kuongeza, basi.

Akanionyesha pia jinsi ya kusoma lebo. Jina linaloanza na "retin" ndilo la kuhesabu. Beta-karotini, ile ya karoti, mchicha, papai na viazi lishe, mwili huigeuza kuwa vitamini A kadiri unavyohitaji, na haijaonekana kuleta madhara hayo kwa mtoto tumboni. Kwa hiyo mchicha wangu ulibaki.

Madini joto ndiyo yaliyonishangaza, maana tangu shule tunaimbiwa chumvi yenye madini joto ili tusipate rovu na watoto wasizaliwe na akili iliyodumaa. Ni kweli, na mjamzito anahitaji zaidi ya wengine, kama maikrogramu 250 kwa siku. Lakini multivitamini ilikuwa na 150, vidonge vya nywele 150 na mwani 400. Hizo ni 700, chumvi bado. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mjamzito ukipita 500 hakuna faida ya ziada. Wazungu wa Ulaya wameweka kikomo 600, Wamarekani 1,100, kwa hiyo chupa halali kule kwa dada inaweza kuwa imezidi kwingine.

Yakizidi, tezi ya shingo hujifunga na kupunguza kutengeneza homoni. Ya mtu mzima kwa kawaida hujifungua yenyewe baada ya siku chache. Ya mtoto tumboni haina uwezo huo mpaka mimba ikaribie kukomaa, kwa hiyo mama anaweza kuwa sawa na mtoto akaathirika. Tatizo jingine la mwani ni kwamba kiasi halisi hubadilika sana kutoka kopo hadi kopo, hata lebo iseme nini. Nilipimwa TSH, homoni inayoiamuru tezi hiyo ifanye kazi, ikakutwa juu kidogo. Baada ya wiki sita ilikuwa imeshuka mahali pake. Chumvi sikuiacha, na daktari alisisitiza nisiiache.

Madini ya seleni nilikaribia kuyadharau. Vidonge vyote pamoja vilinipa 170, kikomo cha Marekani ni 400. Ila njugu moja ya Brazili huweza kuwa na 70 hadi 90, na mimi nilikuwa natafuna tano nikiangalia tamthilia. Mtu aliyezidisha kwa muda mrefu hutoa pumzi yenye harufu ya kitunguu saumu, kucha zinavunjika, nywele zinanyonyoka. Fikiria sasa: nywele zinanyonyoka, unaongeza vidonge vya nywele!

Nilibaki na FeFo na multivitamini peke yake. Vingine nilivifunga kwenye mfuko nikavirudisha kwa nesi.

Kazi ngumu ilikuwa mama mkwe. "Mbona watoto wanapewa matone ya vitamini A kliniki? Mbona mimi nilipewa kidonge nilipomzaa mumeo?" Nilimjibu kwa maneno ya nesi: mtoto anapewa mara moja kila miezi sita, si kila siku, na hana mimba. Kile kidonge cha baada ya kujifungua kilitolewa wakati mama hana tena mtoto tumboni, na tangu 2011 Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Alinyamaza. Ijumaa ikaja nyama ya kawaida na maharage, pamoja na chungwa ili chuma kinyonywe vizuri. Damu ilipanda taratibu.

Kipimo cha picha cha wiki ya 20 kilionyesha moyo na uso wa mtoto viko sawa. Usiku ule nililala. Alipozaliwa niliomba apimwe TSH, ikawa ya kawaida.

Siku ya nne nyumbani mama mkwe aliingia na sahani imefunikwa. "Sasa naruhusiwa?" Nikafungua daftari. Sahani moja kwa wiki, pamoja na multivitamini, ni kama 1,950 kwa siku, na anayenyonyesha anahitaji 1,300. "Ijumaa tu, Mama," nikamwambia. Ilikuwa Jumanne, na tayari yalikuwa yamekaangwa, basi tulihesabu Jumanne kuwa Ijumaa.