Nilivyotengeneza jedwali la kulinganisha pampu za sola, na zile nafasi zilizonisumbua

Ilikuwa kama wiki moja kabla ya Nane Nane, bosi akanitumia mafaili matatu ya slaidi, moja la pampu yetu na mawili ya washindani, pampu A na pampu B, akasema dogo nitengenezee jedwali moja maana wakulima wa parachichi wa Rungwe wanauliza sana. Duka letu liko Mwanjelwa, pampu za sola ndo mkate wetu.

Mara ya kwanza nilienda fasta, nikaweka tiki pale ilipo na X pale ambapo sijaona kitu. Dada wa mauzo akaangalia akaniuliza, "We, pampu B haijizimi maji yakiisha kisimani, umeitoa wapi hiyo?" Narudi kwenye slaidi, hakuna mahali imeandikwa haijizimi. Imekaa kimya tu, mimi ndo nimeisemea.

Nikafuta X zote. "Haina" naandika kama slaidi yenyewe imetamka haina, kama imekaa kimya naandika HS, yaani haijasemwa, na kila jibu naliwekea namba ya slaidi pembeni ili mtu akibisha tufungue tuone. Pampu B kuna picha ina betri pembeni ila maandishi hayaitaji popote, hiyo nayo nikaipa HS, picha unaweza kuuziwa bila betri yake.

Sasa balaa lilikuwa kwenye maji. Yetu imeandika lita 3,000 kwa saa ikipandisha mita 20. B lita 0.8 kwa sekunde, mita 20 hizohizo, ukizidisha kwa 3,600 unapata lita 2,880 kwa saa, safi. A ikaandika mita za ujazo 5 kwa saa na chini yake "hadi mita 60", nikageuza ikawa lita 5,000, ghafla A inatupiga mbali! Ila pampu kadiri unavyoipandishia maji juu ndo inavyotoa kidogo, ikifika mwisho wake inatoa karibu na sifuri, so hizo 5,000 na hizo mita 60 haziwezi kutokea pamoja. Kwenye mita 20 inatoa ngapi? Slaidi haina ule mchoro wa kuonyesha. Nikagawa mstari ukawa miwili, "maji ya juu kabisa" na "maji kwenye mita 20". Wa kwanza A ina 5,000, yetu na B HS, wa pili A ndo ikapata HS.

Mwisho nikahesabu kwenye Excel:

```
=COUNTIF(B2:D13,"HS")
```

Nafasi 36, HS 11, na nne kati ya hizo ni za kwetu! Bosi akanuna, "kwa hiyo pampu yetu wenyewe hatuijui?" Akampigia msambazaji, ikaja karatasi ya vipimo, tukajaza mbili na kuandika zimetoka kwenye karatasi sio slaidi. Mbili zilizobaki tukaprinti hivyohivyo na HS zake.