Siku moja maishani mwangu: mimi na kitambaa changu cha kijani, Nkuhungu

Nikisema nafanya kazi ya grini skrini, yaani kumrekodi mtu mbele ya kitambaa cha kijani kisha kukiondoa kijani na kuweka mandhari nyingine, watu hudhani kuna kitufe kwenye kompyuta, unabonyeza, kijani kinayeyuka, unalipwa. Basi niwasimulie jana. Mteja alikuwa dada mwimbaji wa injili, na alitaka aonekane akiimba katikati ya shamba la mizabibu tulilolipiga picha Hombolo wiki iliyopita.

Saa 1 asubuhi nipo studio. Usiseme studio ukafikiria makubwa, ni chumba cha mita 4 kwa 7 chenye bati juu, ndiyo maana nawahi kabla halijawaka. Upepo wa Dodoma ulikuwa umeingiza vumbi usiku kucha na pindo la chini la kitambaa lilishageuka kahawia. Nikalipiga brashi, kisha pasi ya mvuke, kisha nikakivuta kwa vibanio pande zote mpaka kikalia. Mkunjo mmoja tu una pande mbili: unaotazama taa unang'aa, wa pili una giza. Jicho lako linaona kitambaa kimoja, kompyuta inaona kijani cha aina mbili.

Saa 2, taa. Kitambaa kina taa zake mbili, moja kila upande, na mwimbaji ana zake. Usizichanganye. Kila taa ya kitambaa naielekeza kuvuka kwenda upande wa pili, isimulike pembe iliyo karibu nayo. Nikafungua Waveform kwenye monita, ule mchoro unaoonyesha mwanga wa picha kutoka kushoto kwenda kulia. Kushoto mstari ulikaa 58, kulia 44, yaani kamlima kanakoteremka. Kwa macho nisingekaona hata kidogo. Nikairudisha nyuma taa ya kushoto kama nusu hatua, nikaigeuza kidogo, mstari ukalala kati ya 47 na 50 kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo nakunywa chai.

Saa 4 wakaja. Walisema saa 3, lakini hilo tuliache. Dada mwenyewe mpole, ana afro kubwa iliyochanuliwa vizuri na gauni la satini la dhahabu. Satini ya dhahabu mbele ya kijani! Nilinyamaza. Pamoja naye alikuja meneja wake, na siku ikaanza upya.

Nilimsimamisha dada mita 2 na nusu kutoka kwenye kitambaa. Kuna sababu mbili. Kitambaa chenye mwanga kinarudisha kijani mgongoni kwake, na kadiri anavyokaa mbali ndivyo kile kijani kinavyofifia kabla hakijamfikia. Halafu kivuli chake kinaangukia sakafuni, hakigusi kitambaa. Kamera ilikuwa mita 4 mbele yake, fremu kuanzia magotini.

Meneja akatazama monita. "Kaka, mbona ukuta unaonekana?"

Kweli ulionekana, pande zote mbili. Kitambaa kina upana wa mita 3, na mtu akisogea mbali nacho hakiwezi kujaza fremu. Nikamwambia hainisumbui, kijani nakihitaji nyuma ya mwili wake tu, hata akinyoosha mikono haivuki, na kilichobaki nakikata kwa barakoa, yaani mstari ninaouchora kwenye kompyuta kuzungushia sehemu ya picha, dakika moja.

"Kwa hiyo tunalipia ukuta?"

Nikamwonyesha kwa kidole kwenye monita. Akamwita dada aje aone ukuta. Dada akasema yeye hajui, tumsikilize kaka. Meneja akatoka nje kupiga simu, nadhani alikuwa anaulizia kama studio nyingine zina ukuta. Tukarekodi beti ya kwanza kwa amani. Akarudi wakati nabadili betri, akanikuta nimeinama, yeye mwenyewe akamsogeza dada hadi kama sentimita 80 kutoka kwenye kitambaa, na kamera akaivuta mbele imfuate. "Hapa sasa! Umeona? Kijani tupu!" Nilibisha mara tatu. Mara ya nne nikakumbuka kodi ya chumba, nikarekodi beti ya pili hivyo hivyo. Kosa langu, nalikiri.

Mchana ni ugali na mlenda, na joto.

Jioni nikafungua DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, upande wa Fusion unaounganisha picha. Beti ya kwanza: nikaweka DeltaKeyer, zana inayoondoa kijani, nikachagua kijani cha karibu na nywele, nikatazama picha ya Alpha, ambamo cheupe kinabaki na cheusi kinaondolewa. Dada mweupe, nyuma kweusi, ncha za nywele kijivu laini kama inavyotakiwa. Dakika 20, imekwisha.

Beti ya pili. Nyuma ya bega la kushoto kulikuwa na doa la kijivu. Ni kivuli chake, kimeangukia kitambaa. Nikapandisha Threshold ya chini, kitelezi kinachogeuza kijivu cha giza kuwa cheusi, ili doa liwe jeusi, likawa jeusi kweli, na ncha za nywele zikaondoka nalo. Afro ikabaki kama imekatwa kwa mkasi wa karatasi. Kivuli na ncha za nywele vina kijivu kilekile, kitelezi hakiwezi kujua kipi ni kipi. Lazima mtu akiambie.

Kwa hiyo nikatengeneza mbili. DeltaKeyer moja laini, kwa ajili ya nywele tu. Nyingine kali, ya kiwiliwili, nikaipunguza kidogo kwa ndani isifike ukingoni, nikaiingiza kwenye Solid Matte ya ile laini, mlango wa kuiambia sehemu gani zisiondolewe, ili izibe matundu yaliyotokea kwenye satini. Doa nikalizungushia barakoa na kulitupa. Ila dada anayumba akiimba, na barakoa lazima imfuate. Sekunde 40 kwa fremu 25 kila sekunde ni fremu 1,000. Nilikuwa nasahihisha kila baada ya fremu 8 hivi. Saa sikuziangalia tena, nilijua tu kwamba jirani alishazima redio.

Halafu kijani kilichomrukia shingoni na gaunini. Njia ya kawaida ni kuizuia chaneli ya kijani isipite wastani wa nyekundu na bluu. Kwenye CustomTool, zana ya kuandika kanuni, sehemu ya kijani naandika hivi, r1 ikiwa nyekundu, g1 kijani na b1 bluu:

```
min(g1, (r1+b1)/2)
```

Shingo ikapona palepale. Gauni likawa shaba! Dhahabu yenyewe ndani yake ina kijani kingi: sehemu moja niliyopima ilikuwa nyekundu 200, kijani 160, bluu 60. Wastani wa 200 na 60 ni 130, kwa hiyo kanuni ilimnyang'anya 30 za halali. Gauni nikalitengea barakoa yake na kanuni ya upole:

```
min(g1, max(r1,b1))
```

Hapa kikomo ni 200, 160 inapita salama na dhahabu inabaki dhahabu. Mbona nisiitumie mwili mzima? Kwa sababu shingoni nyekundu ilikuwa 140, na kijani cha kuruka 125 kingepita salama vilevile, dada angeonekana mgonjwa.

Mwisho, ukingo wa kichwa kwenye zile fremu ambazo nywele zilipita juu ya kivuli. Pale barakoa haikusaidia. Niliula ukingo kwa pikseli 2, macho yalishakuwa na mchanga.

Nikawatumia vipande vyote viwili, nikajilaza kwenye benchi. Dada ndiye aliyejibu kwanza: "Kaka asante sana, pazuri. Ila mbona beti ya pili nywele zangu zimepungua?"

Nikamwambia aje kesho saa 2, na kama inawezekana aje peke yake.