Nilivyomrekebishia jamaa rangi za kompyuta ofisini, na kwa nini filta peke yake haikutosha

Mimi nashika mambo ya kompyuta kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Mombasa, na kazi yetu karibu yote ni rangi. Tamko la mzigo likipita kwenye mfumo wa forodha linaangukia chaneli ya kijani, ya manjano au nyekundu, kijani mzigo unaenda, manjano karatasi zinakaguliwa, nyekundu kontena linafunguliwa. Sisi nasi tukazichukua rangi hizohizo tukazijaza kwenye shiti ya Excel, kila kontena mstari wake. Sasa akaja kijana mpya, nimwite Swaleh, akawa kila mara anauliza mwenzake "hili nyekundu au kijani?" Watu wakadhani mzembe, kumbe ana upofu wa rangi.

Kabla sijamfikia kuna mtu alishamuwashia Contrast themes, zile Aquatic, Desert, Dusk na Night sky za Windows 11, akaona amemaliza. Ndio kukaharibika zaidi, kwa sababu themu ya kontrasti haigeuzi rangi, inaziondoa na kuweka chache za kwake. Ukiiwasha, Excel inaacha kuonyesha rangi uliyojaza kwenye seli, shiti yote inabaki background moja tu, na kwenye brauza vile viduara vya hali ya mzigo vikiwa vimechorwa kama rangi ya nyuma navyo vinapotea. Kwahio Swaleh akawa haoni rangi za kuchanganya hata hizo. Hio kitu imetengenezwa kwa mtu ambaye shida yake ni kusoma maandishi, mwanga unamuumiza au herufi zinafifia. Mzee wetu wa akaunti mwenye mtoto wa jicho anatumia Night sky na hataki kusikia habari ya kuizima. Lakini kwa mtu anayeona herufi vizuri ila rangi zinamchanganya, sio dawa yake.

Nikaizima, Alt ya kushoto na Shift ya kushoto na Print Screen kwa pamoja, halafu nikaingia Settings, Accessibility, Color filters. Pale kuna tatu za upofu wa rangi: Red-green (green weak, deuteranopia), Red-green (red weak, protanopia) na Blue-yellow (tritanopia). Zile nyingine za Grayscale na Inverted achana nazo kwa kazi hii.

Wengi hapa wanabahatisha, na zile mbili za kwanza zinafanana sana ukizitazama wewe mwenye macho ya kawaida, wewe sio wa kuchagua. Nikamuandikia neno jekundu juu ya background nyeusi nkamuuliza, "Ndugu, hapa waona kitu?" Mtu mwenye udhaifu wa nyekundu, nyekundu kwake inakuwa giza, kwahio hilo neno linakaribia kuzama kabisa. Swaleh akasoma bila taabu, akasema tu rangi yenyewe hana hakika nayo, labda kahawia. Hio ikanielekeza kwa green weak, ambayo pia ndio inayopatikana zaidi. Nikawasha, nkamwambia akae mwenyewe abadilishe kati ya zote mbili huku ameangalia zile rangi za mfano juu ya ukurasa, achague ile inayomtenganishia nyingi zaidi, na akabaki kwa green weak. Kabla ya kumpima hakikisha Night light imezimwa, kwa sababu ile inavuta skrini yote kwenye umanjano na utapata majibu ya uongo.

Muelewe filta inafanya nini. Hairudishi rangi ambayo jicho halina. Inachukua ile tofauti ya nyekundu na kijani na kuisukumia upande ambao jicho lake linaona, kwenye ubluu na umanjano na mwangaza, kwahio wewe ukikaa kwenye mashine yake utaona rangi za ajabu. Na inafanyika mwisho kabisa, wakati picha inaenda kwenye skrini, faili lenyewe haliguswi. Akipiga skrinishoti au akiprinti, zinatoka rangi za asili. Hio nilimweleza bosi mapema maana alikuwa na hofu mteja atatumiwa shiti zenye rangi za kuchekesha.

Kwenye mfumo wa brauza mambo yakawa mazuri, viduara vile ni vyekundu na kijani vilivyokolea na Swaleh akavitenganisha hapo hapo. Lakini kwenye shiti yetu, kidogo sana. Nikakaa nkaangalia nkaona sababu, sisi tulitumia zile rangi za Excel zilizo tayari kwenye Cell Styles, ile nyekundu mpauko na kijani mpauko, ambazo ni karibu na nyeupe. Filta inafanya kazi na rangi iliyopo, sasa rangi yenyewe ikiwa ni kama maji yaliyodondoshewa tone la Vimto, itasukuma nini? Kwahio hapo ikabidi kutengeneza shiti yenyewe.

Nikaongeza safu ya D, kila mstari una herufi, K au M au N, na rangi inatokana na herufi badala ya mtu kujaza kwa mkono. Unachagua mistari yote kuanzia wa 2, unaingia Conditional Formatting, New Rule, Use a formula to determine which cells to format, unaandika:

```
=$D2="N"
```

halafu unaweka rangi, na unarudia kwa K. Ile alama ya dola kabla ya D usiisahau, bila yake rangi inakaa vipande vipande mstari haujai. Rangi nilichukua kwenye ile paleti ya Okabe na Ito, iliyotungwa kwa ajili ya watu wa aina hii: N ni chungwa, 230, 159, 0, maandishi meusi. K ni bluu, 0, 114, 178, maandishi meupe. M nikaiacha bila rangi kabisa, maana tatu zikianza kubanana unarudi kulekule. Namba unazijaza kwenye More Colors, Custom.

Kulikuwa na kelele kidogo, wengine wakasema kijani ndio forodha, bluu yatoka wapi, lakini herufi ipo na sasa wanachuja kwa herufi, na wenyewe wanakiri ni haraka kuliko kuchuja kwa rangi.

Mashine ya Swaleh jioni anaitumia mtu mwingine. Kwa akaunti mbili tofauti hakuna shida, filta inashika kwa mtumiaji wake tu, ila hawa wanatumia akaunti moja, kwahio pale chini ya Color filters nikawasha Keyboard shortcut for color filters na sasa Windows, Ctrl na C inaiwasha na kuizima. Ukiacha hio njia wazi, waambie wote, kwa sababu mtu akibonyeza bila kujua na filta iliyochaguliwa ni Grayscale, skrini inageuka nyeusi na nyeupe na utapigiwa simu kwamba monita imekufa.

Kilichobaki ni picha za WhatsApp, madereva wanapiga picha karatasi yenye alama za kalamu nyekundu na kijani na kutuma, na Swaleh anazifungua kwenye simu ambapo filta ya kompyuta haifiki. Simu yake ya Android ina Color correction kwenye Accessibility, tumeiwasha, inasaidia kiasi, lakini picha ya usiku chini ya taa za yadi hata mimi siioni, kwa hivyo madereva wameambiwa waandike neno.