Siku moja maishani mwangu: picha ya mita isiyo na neno

Saa 12:40 asubuhi. Kabla sijafunga begi la vifaa, simu inalia. Ni mteja wangu wa zamani, mama mtu mzima niliyewahi kumfungia nyaya za nyumba. Ametuma picha ya mita ya umeme. Hakuna salamu, hakuna swali.

Picha kama hii naipata karibu kila wiki, na huwa inabeba moja ya mambo matatu. Mtu anataka nimsomee tarakimu, au anaona bili haimwingii akilini, au anahisi kuna hitilafu. Siku moja nilikisia vibaya: nilikaa nusu saa nikimpigia mtu hesabu ya matumizi, kumbe alitaka tu kujua kama aandike na tarakimu iliyo baada ya nukta. Tangu hapo siachi kuuliza. Ila kabla ya kuuliza, picha naitazama vizuri.

Kwanza naangalia chini ya mita, kwenye mfuniko wa mahali nyaya zinapoingia. Plastiki ikiwa imegeuka kahawia au imelegea kama nta, hapo bili inangoja. Nampigia mtu simu papo hapo. Wa mama ni mweupe, na muhuri wake upo. Kisha nageukia kioo. Mita nyingi za kidijitali hubadilisha kurasa zenyewe: mara volti, mara tarehe, mara yuniti, kwa hiyo si kila namba unayoikuta kwenye picha ni matumizi. Hapa kuna alama ndogo `1.8.0` pembeni, yaani jumla ya umeme ulioingia tangu mita ifungwe, na namba ni `08412.7 kWh`. Taa nyekundu imenaswa ikiwaka. Hiyo wengi huiogopa bure, kwa sababu kazi yake ni kukonyeza kila kiasi fulani cha umeme kinapopita, na kamera imeikuta tu kwenye sekunde yake.

Namba ya mita imekatwa nje ya picha. Anayetuma usomaji kwa kawaida huhakikisha hiyo inaonekana, basi nadhani hili si la kusoma tu. Namwandikia: "Shikamoo mama. Nasoma yuniti 8,412.7, na sioni dalili ya kuungua. Je, kuna harufu au mvumo wowote? Na unataka niandike usomaji, nikague bili, au kuna kitu umekiona?"

Saa 2:15. Niko kazini, napitisha nyaya za soketi kwenye chumba kipya. Mama hajajibu.

Saa 4:00. Picha ya pili, kimya vilevile. `08413.9`.

Nikashuka kwenye ngazi. Picha moja haiwezi kukuambia nyumba inakula kiasi gani, lakini picha mbili zenye saa zake zinaweza. Tofauti ni yuniti 1.2 kwa saa 3 na dakika 20, ambayo ni wastani wa wati 360. Kwa nyumba yenye watu wanaopika na kupiga pasi, si kitu. Kwa nyumba iliyozimwa, ni kingi mno. Nikampigia.

"Mwanangu, nimezima kila kitu tangu jana usiku. Imebaki friji peke yake. Bili imepanda karibu mara mbili, nikasema ngoja niipige picha mita uione mwenyewe inavyokimbia."

Kumbe ni bili na hitilafu kwa pamoja, na picha ile ya kwanza ilikuwa nusu ya ushahidi. Harufu hakuna, mvumo hakuna. Nikamwomba anirekodie video ya taa nyekundu, dakika moja kamili.

Saa 5:30. Video imefika, na hapa nusura nipotee. Usoni mwa mita pameandikwa `1000 imp/kWh`: taa hukonyeza mara 1,000 kwa kila yuniti. Kwa hiyo ukigawa 3,600 kwa sekunde zilizo kati ya konyezo mbili, unapata wati. Kwa wati 360 nilitarajia konyezo kila sekunde 10, kama sita hivi ndani ya video. Imekonyeza mara moja tu. Hiyo ni friji na si kingine.

Ningekuwa na haraka ningemwambia nyumba ni salama. Lakini picha mbili zinasema 360 na video inasema chini ya 120, na zote ni za kweli. Vipimo viwili vikipingana hivi, mara nyingi kuna kitu kinachojiwasha na kujizima chenyewe, na ile dakika moja imekikuta kimelala.

Saa 7:40 mchana. Muda wa kula. Nampigia mama tena, nimwelekeze taratibu. Achomoe friji kwa muda, akae na kiti mbele ya mita, asubiri hata dakika 20. Mita yenyewe asiiguse, na mfuniko wake asiufungue; kazi yetu ni macho na saa.

Dakika 13 za kimya kabisa. Halafu nasikia, "Eeh! Imeanza, imeanza!" Akanihesabia: konyezo 10 kwa sekunde 24, yaani moja kila sekunde 2.4. Nagawa 3,600 kwa 2.4, napata wati 1,500. Nikamwambia ashushe swichi kuu wakati taa bado inakonyeza, na taa ikanyamaza palepale. Hapo nikatulia: mita haijihesabii yenyewe, na mzigo uko ndani ya nyumba. Kama ingeendelea na swichi kuu iko chini, tungekuwa tunazungumzia waya uliochepushwa kabla ya swichi, au mita mbovu, na hayo ni ya kampuni ya umeme kuja kuyaona.

Aliporudisha umeme, konyezo zikaendelea kwa yale mapigo ya kwanza, kisha baada ya kama dakika nne tangu zilipoanza zikakoma zenyewe.

Wati 1,500, dakika nne kazini, robo saa mapumziko. Nikamuuliza kuhusu hita ya maji ya bafuni.

"Ile imezimwa, taa ya swichi haiwaki."

"Mama, taa ya swichi inaweza kuungua, hita ikabaki inakula."

Alibonyeza swichi upande wa pili. Nikamtuma pia kwenye bomba la maji ya moto. Lilikuwa linachuruzika uzi mwembamba ambao hakuna anayeusikia. Kikombe cha mililita 250 kilijaa kwa dakika mbili. Ni zaidi ya lita saba kwa saa, na kila lita inayotoka, ya baridi inaingia nyuma yake kupashwa. Hiyo peke yake ni takriban yuniti 7 kwa siku, mchana na usiku.

Saa 9:00 alasiri. Friji imerudishwa, sakitibreka ya hita iko chini. Kesho nitabadilisha swichi ya hita, na fundi bomba atabadilisha mpira wa ndani wa bomba. Mama ametuma picha: `08415.6`.

Saa 1:00 usiku. Nimeshafika nyumbani, navua viatu. Picha nyingine, bila neno. `08415.9`. Yuniti 0.3 kwa saa nne, wati 75. Safari hii sikuuliza anataka nini. Nilimjibu, "Ndiyo mama, hiyo ni friji na taa zako."