Jinsi tulivyokomesha kuuza chakula kilichokwisha

Wahudumu wa mgahawa wetu walikuwa wakichukua oda za chakula kilichokwisha, ingawa kikao cha kabla ya zamu kilifanyika kila siku. Kurefusha kikao hakukusaidia. Orodha ya ukutani nayo ilipitwa na wakati mapema.

Kilichofanya kazi ni kutaja kwenye kikao idadi ya sahani, badala ya "kipo" au "hakipo", na kutangaza zinazobaki baada ya kuondoa zilizoagizwa na meza zilizowekewa nafasi. Mpishi mkuu anasema: samaki wa leo, sahani 14. Msimamizi anasoma: saa 2 usiku, watu 8, wameshaagiza samaki 6. Basi za kuuza ni 8, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye ubao wa dirisha la jikoni. Anayepokea oda jikoni ndiye peke yake anayeipunguza. Wakifuta wawili, hesabu inapotea. Zikibaki 2, mhudumu anauliza kwanza kabla ya kumwahidi mteja.

Kilichokwisha kinatajwa pamoja na mbadala wake, na mhudumu mmoja anarudia kwa sauti. Lengo la zamu linakuja mwisho wa kikao, moja tu na la kuonekana kwa macho: mteja aambiwe kilichokwisha kabla hajafungua menyu.